Maswali kwa Mchoraji: Tuliuliza Nini, Tulijibiwa Nini

Mwaka wa masomo uliopita mwalimu mwenzetu mmoja, ambaye huongoza kikundi cha Kiswahili cha wanafunzi wa sekondari baada ya vipindi vya kawaida hapa Lubumbashi, alitukabidhi bahasha yenye kazi 14 akatuomba tuzisome na kutoa maoni yetu bila ya kuoneana haya. Wanafunzi wake walikuwa wamekwenda Katuba kumhoji mchoraji mmoja aliye hai na afanyaye kazi mpaka leo, mtu ambaye umri wake unakaribia miaka 70, anayejulikana mtaani kwa mabango ya maduka na kwa picha zinazotundikwa katika vyumba vya wageni. Wote walikwenda na karatasi moja yenye maswali 12. Waliulizia elimu yake, kazi zake, na watu waliomwathiri, kisha kila mmoja akarudi nyumbani akaandika insha.

Tulizisoma zote kwa siku mbili. Kiswahili chake ni safi, upatanisho wa ngeli ni mzuri kuliko ule tuliouzoea katika madarasa haya, na mwandiko unasomeka. Hata hivyo tulipofika ya kumi na nne tulijiuliza: mchoraji mwenyewe yuko wapi? Tulifanya jaribio dogo ambalo twamshauri kila mwalimu alifanye. Tulifunika jina la mhojiwa kwa kidole, tukasoma majibu peke yake. “Sikupata elimu rasmi ya sanaa.” “Napenda kazi yangu kwa sababu inaelimisha jamii.” “Changamoto kubwa ni ukosefu wa vifaa.” “Nawashauri vijana wafanye bidii.” Majibu haya angeweza kuyatoa mfinyanzi wa Burundi, au mpiga gitaa, au hata fundi seremala aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye randa lake. Jibu linalomfaa kila mtu halijamgusa yule aliyeulizwa.

Mwalimu alidhani kosa ni la wanafunzi, kwamba hawakuwa na udadisi. Sisi tunaona kosa lilikuwa katika karatasi, nayo karatasi ilitungwa na watu wazima.

Tulitazame swali la kwanza, kwa kuwa ndilo lililoharibu mengine. Liliandikwa hivi: “Ulipata wapi elimu yako ya sanaa, na nani alikufundisha?” Kwa sikio la mwalimu swali hili halina dosari. Lakini mzee wa Katuba analisikia vingine. Kwake yeye elimu ni shule, na kufundishwa ni kuketi mbele ya ubao mweusi ukiwa na daftari. Hakuketi hivyo kwa ajili ya kuchora hata siku moja. Kwa hiyo alijibu kweli tupu: hakusoma, na hakuna aliyemfundisha. Wanafunzi wakaandika “hakupata elimu rasmi”, wakaruka kwenda swali la pili. Mlango uliokuwa na nyumba nzima nyuma yake ulifungwa kwa sababu ya neno moja.

Mji wetu huu ungepaswa kutuonya mapema. Mnamo mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Huyu aliamini kwamba haimpasi kuwafundisha vijana wa Kikongo namna ya kuchora. Aliwapa rangi na mahali pa kufanyia kazi, akawahimiza watazame mimea na wanyama wa nchi yao, akawaacha kila mmoja atafute njia yake. Basi mtu angemwendea mchoraji wa Hangar na kumwuliza ni nani aliyemfundisha, angeweza kujibiwa “hakuna”, na jibu lingekuwa la haki. Lakini mtu yeyote aliyeziona kazi za Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, na za Mwenze Kibwanga, aliyejaza karatasi kwa mistari mifupi iliyopangana, na za Pilipili Mulongoy pamoja na ndege na samaki wake, ataona mara moja kwamba wametoka katika nyumba moja. Walipata malezi. Neno “kufundisha” ndilo lisilotosha kuyataja malezi hayo.

Baada ya kuongea na mwalimu, tuliafikiana kwamba wanafunzi wanne warudi kwa mzee, nasi tufuatane nao. Safari hii hawakupewa karatasi. Walipewa agizo moja tu: wachague picha moja iliyomo ndani ya karakana, waiweke mbele ya mzee na mbele yao, na wasiulize jambo lolote ambalo halianzii kwenye picha hiyo. Kikaragosi kimoja cha adabu nacho kilirekebishwa. Ile karatasi ya kwanza ilimwita mzee “Ndugu Msanii”, jina ambalo hakuna aliyewahi kumwitia mtaani. Sasa walimwita Papa, kama waitavyo wazee wa umri wake, naye akawaita wanangu na kuwatafutia viti.

Walichagua picha ya Mamba muntu, yaani yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, ambaye watu wa mji huu wanamfahamu tangu utotoni. Msichana mmoja alishika ukingo wa kitambaa akauliza, “Papa, kitambaa hiki kinatoka wapi?”

Hilo ni swali la mtu anayenunua sokoni, tena halina neno gumu hata moja. Mzee alilijibu kwa muda wa dakika kumi na zaidi. Kitambaa hiki alikinunua dukani, alisema, kwa sababu mifuko ya unga siku hizi ni ya nailoni, na rangi haishiki juu yake. Zamani mifuko ilikuwa ya pamba. Mtu aliinunua mitupu, akaifumua nyuzi taratibu ili asiitoboe, akailoweka usiku kucha katika maji ya sabuni, kisha akaisugua mpaka maandishi ya kiwanda yafifie. Hayakwisha kabisa, ukiangalia picha za zamani kwa nyuma utayaona. Halafu kitambaa kilipigiliwa misumari juu ya fito nne, kikapakwa rangi nyeupe ya ukuta mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ilikuwa lazima kingoje kikauke, la sivyo picha ingepasuka kabla ya kupata mnunuzi.

“Na nani alikuwa anaisugua?” aliuliza yule msichana.

“Ni miye,” akasema mzee, akacheka. Aliisugua kwa miaka miwili, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mzee mwingine, jirani yao, ambaye alikuwa akichora na kuuza picha katika miaka ya sabini. Alimtekea maji, alimsafishia brashi, alimpelekea picha kwa wateja. Baada ya miaka hiyo miwili aliruhusiwa kupaka mbingu, kwa kuwa mbingu ni pana na kosa lake hufunikwa kwa wingu. Kisha akapewa ardhi, kisha nguo za watu. Uso hakupewa kamwe. Uso wa kwanza aliuchora kwa siri, nyumbani, juu ya ubao wa sanduku.

Msomaji ataona kwamba hapa ndipo lilipokuwa jibu la swali la kwanza, lote kamili, pamoja na mwalimu, muda wa mafunzo, utaratibu wa masomo na hata mtihani. Mtu yule yule aliyesema kwamba hakuna aliyemfundisha hakusema uongo mara ya kwanza, na hakubadili maneno mara ya pili. Aliulizwa habari za mfuko wa unga, na mfuko wa unga ulimfikisha kwa mwalimu wake.

Njia hii hatukuibuni sisi. Ilitumika katika mji huu huu, na kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Kati ya mwaka 1973 na 1974 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi, alizungumza na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Tshibumba alikuwa amekuja kumwuzia picha, na alijitambulisha kuwa ni mchoraji na mwanahistoria pia. Kutokana na mazungumzo hayo ilizaliwa historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100. Mchoraji alileta picha chache kwa mara moja. Kwanza alisimulia mwenyewe kile kilichomo katika picha, mashine ya kunasia sauti ikiwa wazi. Ndipo mazungumzo ya maswali yalipofuata, picha ikiwa mbele yao wote wawili. Mazungumzo hayo yalitokea kitabuni mwaka 1996, nazo picha zimehifadhiwa Amsterdam. Tshibumba mwenyewe hajulikani aliko tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kama asingeulizwa akiwa hai, tungebaki na picha zake zikiwa kimya.

Hata hivyo tusiisifu njia hii kupita kiasi. Fabian alikuwa pia mnunuzi, na jambo hilo hakulificha. Mchoraji aliyekuwa akiuza picha mojamoja kwa wafanyakazi wa mjini alipata mtu aliyetaka msururu mzima, na msururu ukatokea. Mwulizaji anaingia katika kazi ya msanii, apende asipende. Wanafunzi wetu hawakununua picha, lakini nao waliacha alama: walipokuwa wakiuliza habari za mkia wa samaki, mzee alichukua brashi akaongeza magamba matatu. Hatukuona vibaya. Tulitaka tu liandikwe katika insha kwamba magamba yale matatu yaliongezwa mbele ya wageni.

Tuje sasa kwenye lile swali la kuathiriwa, ambalo kwa maoni yetu ndilo baya kuliko yote 12. “Ni wasanii gani waliokuathiri?” Kwanza, neno lenyewe lina ukungu. Athari kwa watu wengi ni jeraha au madhara, na mtu anaweza kudhani anaulizwa ni nani waliomwumiza. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mzee alinyamaza, mwanafunzi mmoja akajaribu kufafanua kwa Kifaransa, na mzee, akitaka kuwapa vijana walichokuja kutafuta, akasema “Picasso”. Basi insha 14 zote zinatangaza kwamba mchoraji wa Katuba ameathiriwa na Picasso! Tulipomwuliza baadaye ni picha ipi ya Picasso aliyoipenda, alisema hajaona hata moja. Jina alilisikia redioni. Hatumlaumu. Swali lililodai jina lilipata jina.

Msichana wetu wa kitambaa aliliuliza jambo hilo kwa njia nyingine: “Papa, picha ya kwanza uliyoiga uliiona wapi?” Ilikuwa kalenda iliyotundikwa katika baa. Juu yake palikuwa na mwanamke mwenye nywele ndefu aliyeketi kando ya maji, naye kijana alikuwa akienda kusimama mlangoni, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia, akamtazama mpaka afukuzwe. Nywele zile ndizo nywele za Mamba muntu wake hadi leo. Alituonyesha zinavyoanguka upande mmoja tu wa bega, kwa sababu upande wa pili wa kalenda ulikuwa umefichwa na nguzo.

Kisha likaja swali ambalo karatasi ya kwanza haikulifikiria kabisa: “Nani alikuwa anazinunua?” Katika nchi za Ulaya msanii huulizwa habari za wasanii wenzake. Katika uchoraji wa mji huu, ambao ulikua kwa kuuzwa nyumba hadi nyumba kwa wafanyakazi na wachuuzi, mnunuzi ana sauti kubwa kuliko msanii mwenzake. Picha ilinunuliwa ili iwe ukumbusho, iwekwe mahali ambapo mgeni akiingia ataiona na mazungumzo yataanza. Kulikuwa na mambo yaliyokuwa yakiagizwa na kurudiwa mara nyingi: Mamba muntu huyu, Lumumba, na ile picha ambayo wachoraji huiandika “Colonie Belge”, ambamo mfungwa anachapwa viboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji. Mzee alitusimulia kwamba mfanyakazi mmoja wa migodini alimrudishia Mamba muntu kwa sababu hakuwa na saa mkononi. Mwanamke anayegawa utajiri, alisema yule mteja, atakosaje saa? Mzee akaipaka saa jioni ile ile, na tangu siku hiyo hajamchora bila saa. Huo ndio mvuto uliomtengeneza, nao unaonekana juu ya kitambaa kwa macho.

Tulikuwa na maswali matano tu siku hiyo, na hatukuyamaliza. Tumekwisha kuwaambia walimu wenzetu mara nyingi kwamba maswali 12 kwa saa moja ni dakika tano kwa kila swali, na katika dakika tano mtu mzima hupata nafasi ya kusalimu na kukohoa tu. Wakati mwingine picha haipatikani, kwa mfano msanii amekwisha kuuza zote, au yeye ni mwimbaji. Katika hali hiyo chombo cha kazi chaweza kushika nafasi ya picha: brashi iliyochakaa upande mmoja, ngoma iliyowambwa upya, daftari la nyimbo. Lakini lazima kiwepo kitu ambacho wote wawili wanaweza kukinyoshea kidole.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Wanafunzi walinasa sauti kwa simu, baada ya kuomba ruhusa. Mmoja alisikiliza akaandika hivi: “Sikupata mafunzo rasmi, bali nilijifunza kwa kuangalia.” Tuliomba tuisikie sauti yenyewe. Mzee alisema: “Ule muzee hakunifundishaka kintu. Alikuwa ananituma maji, na miye nilikuwa naangaliaka tu.”

Tuyalinganishe maneno haya mawili bila ya hasira. Katika sentensi ya mwanafunzi, yule mzee wa pili ametoweka. Maji yametoweka pia. Na ile “-ka” ya mwisho wa kitenzi, ambayo kwa Kiswahili cha hapa kwetu huonyesha tendo la desturi, lililorudiwa siku nenda siku rudi, imefutwa kana kwamba ni doa. Mzee hakusema kwamba aliangalia. Alisema kwamba kuangalia ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kila siku. Mahali pengine alisema “nilikuwa nawaza”, na mwanafunzi akaandika “nilipata msukumo wa kisanaa”, ijapokuwa kuwaza ni neno sanifu lisilohitaji msaada wa mtu yeyote. Sisi wenyewe ndio tuliowazoesha hivi, kwa kalamu nyekundu.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe mlangoni. Insha ni ya mwanafunzi, na aiandike kwa Kiswahili anachofundishwa. Lakini maneno ya msanii ni ya msanii. Tulikubaliana kwamba yaandikwe kwanza kama yalivyotoka kinywani, na chini yake iwekwe tafsiri sanifu kwa wasomaji wa mbali. Kazi hiyo ni ndefu. Saa moja ya sauti haikosi kula saa tano au sita za kuandika, na wanafunzi wanne waligawana robo saa kila mmoja. Palipokuwa na kelele za mtaa waliacha nafasi wazi badala ya kubuni.

Juma la tatu walirudi Katuba kumsomea mzee walichoandika. Tulidhani atasikiliza kwa adabu na kuwashukuru. Aliwasimamisha mara nne. Miaka ya kusugua mifuko ilikuwa miwili na nusu, si miwili. Kalenda haikuwa ya baa bali ya kinyozi aliyekuwa ubavuni mwa baa. Habari za Picasso aliomba zifutwe, na wote wakacheka pamoja naye. Mara ya nne aliuliza kwa nini yule jirani aliyemtuma maji anaitwa “mzee mmoja” tu, hali yeye mwenyewe ameandikwa kwa jina. Msichana akajibu kwamba hawakuuliza. Mzee akalitamka jina lile polepole, herufi kwa herufi, akangoja mpaka wote wanne wamekwisha kuliandika, kisha akaomba aonyeshwe daftari ili aone kama wameliandika sawasawa.